Wanunuzi arobaini, mistari kumi na miwili

Ujumbe uliingia asubuhi, kabla sijafungua kompyuta. Mteja wangu, dada anayeuza mabegi ya kubebea kompyuta kupitia mtandao, alikuwa amepiga picha skrini ya simu yake na kuzungushia duara jekundu mstari mmoja. Chini yake akaandika: "Kaka, hawa wanaume tunawalipia nini?"

Nilijua ameingia wapi. Kwenye Ads Manager, chombo cha kuendeshea matangazo cha Meta, wenye Facebook, kuna kitufe kilichoandikwa `Breakdown`. Ukikibonyeza, ukachagua umri na jinsia, kampeni iliyokuwa mstari mmoja inapasuka na kuwa mistari mingi: wanawake 18–24, wanaume 18–24, wanawake 25–34, na kuendelea hadi 65+. Ukiwaacha walio chini ya miaka 18, ni makundi sita ya umri mara jinsia mbili, yaani mistari kumi na miwili, pamoja na kijimstari cha wale ambao mfumo haujui jinsia yao. Kila mstari una matumizi yake, mauzo yake na gharama yake kwa kila mauzo. Ni ripoti inayovutia kwa sababu inaongea kuhusu watu. Namba ya jumla haina sura, lakini "mwanamke wa miaka 25 hadi 34" unaweza kumwona akilini akiwa na begi begani.

Kampeni ilikuwa imekimbia wiki mbili. Tulikuwa tumetumia dola 600 na kupata mauzo 40, wastani wa dola 15 kwa kila begi lililouzwa. Yeye alikuwa ameridhika na 15 hadi alipobonyeza kitufe kile. Hii ndiyo mistari aliyoiona kwanza, kwa sababu ndiyo iliyopiga kelele:

Wanawake 25–34 walikuwa wamekula dola 150 za matangazo na kuleta mauzo 15, yaani dola 10 kila moja. Wanawake 45–54, dola 36 na mauzo 4, dola 9 kila moja. Wanaume 25–34, dola 120 na mauzo 6, dola 20. Wanaume 45–54, dola 42 na mauzo 1. Wanaume 55–64, dola 30 na sifuri. Mistari mingine saba iligawana dola 222 na mauzo 14 yaliyobaki, hakuna aliyeijali.

Duara jekundu lilikuwa kwenye ule mstari wa dola 42 kwa mnunuzi mmoja. Hoja yake ilikuwa nyoofu: wanawake wa 25–34 wananunua kwa dola 10, basi tuwaachie hela yote, tupate mauzo 60 badala ya 40. Nami, ambaye nilikuwa nimefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua la kusema, nilisema sawa. Nilibana walengwa wawe wanawake 25–34 peke yao, bajeti ikabaki ileile ya dola 300 kwa wiki. Najitetea kidogo: alikuwa mteja mpya na mimi nilitaka aone nasikiliza.

Wiki ya kwanza tulipata mauzo 22. Akanitumia vikatuni vya kushangilia. Wiki ya pili 17. Wiki ya tatu 14, zaidi ya dola 21 kwa begi, ghali kuliko hata wale wanaume wa 25–34 tuliokuwa tumewafukuza.

Jioni ya wiki ile ya tatu nilifanya kile nilichopaswa kufanya asubuhi ya ujumbe. Nilifungua jedwali tupu, nikaandika hii kwenye kisanduku cha kwanza na kuiburuta hadi mstari wa 40:

```
=RANDBETWEEN(1,12)
```

Ni mauzo arobaini yanayorushwa ovyo kwenye makundi kumi na mawili, kila kundi likiwa na nafasi sawa kabisa na jingine. Hakuna mwanamke wala mwanaume, hakuna kijana wala mzee, ni bahati tupu. Pembeni nikahesabu kila namba imetokea mara ngapi:

```
=COUNTIF(A$1:A$40,C1)
```

Hapo C1 hadi C12 kuna namba 1 hadi 12. Kila ukibonyeza F9 jedwali linarusha upya. Mara ya kwanza kundi la 7 lilipata mauzo 8 na kundi la 2 likapata 1. Mara ya pili kundi la 11 halikupata kitu. Niliendelea kubonyeza kama mtu anayecheza kamari. Ukipiga hesabu yenyewe badala ya kubonyeza, inatoka hivi: katika makundi yaliyo sawa kabisa, karibu mara moja kati ya tatu kutakuwa na angalau kundi moja lenye sifuri, na zaidi ya mara nne kati ya kumi kutakuwa na kundi lenye mauzo 7 au zaidi, mara mbili ya wastani wa 3.3. Kwa maneno mengine, ripoti yenye "mshindi" au "mzigo" ndiyo ripoti ya kawaida hata pale ambapo hakuna mshindi wala mzigo.

Sitaki kusema kwamba umri na jinsia havina maana. Vina maana, na kwa bidhaa nyingine maana kubwa. Swali ni kama mauzo arobaini yanaweza kuionyesha.

Basi nikarudi kwenye mistari yake halisi. Kwa kuwa kila mstari ulikuwa umetumia kiasi tofauti cha hela, nilijiuliza hivi: kama makundi yote yananunua kwa dola 15, mstari huu ungetarajiwa kuleta mauzo mangapi, na umeleta mangapi? Wanaume 45–54 walitumia dola 42, kwa hiyo matarajio ni 2.8. Walileta 1. Je, ni ajabu kupata moja au pungufu wakati ulitarajia 2.8?

```
=POISSON.DIST(1,2.8,TRUE)
```

Jibu ni 0.23. Karibu mara moja kati ya nne, bila kosa lolote la wale wanaume. Wanaume 55–64 walitarajiwa kuleta 2, wakaleta sifuri: 0.135. Wanawake 45–54, wale wa dola 9, walitarajiwa 2.4 na wakaleta 4: nafasi ya kupata nne au zaidi kwa bahati ni 0.22. Na malkia wetu, wanawake 25–34, walitarajiwa 10 wakaleta 15. Kwa hao unageuza fomula, kwa sababu unatafuta kumi na tano au zaidi:

```
=1-POISSON.DIST(14,10,TRUE)
```

Inatoka 0.083. Ukiitazama peke yake, hiyo namba inaanza kushawishi. Lakini mimi sikuitazama peke yake. Niliitazama kwa sababu ndiyo iliyong'aa kati ya mistari kumi na miwili, na ukiwa na mistari kumi na miwili, jambo linalotokea mara nane kati ya mia linatarajiwa kujitokeza mahali fulani katika karibu ripoti mbili kati ya tatu. Duara jekundu huchorwa baada ya kuona. Kama angeniambia kabla ya kampeni kwamba anashuku wanawake wa 25–34 ndio wanunuzi wake, ile 0.083 ingekuwa na uzito mwingine.

Kuna namna nyingine ya kuisoma namba ndogo ambayo wateja huielewa haraka kuliko uwezekano. Chukua wanawake 45–54 na mauzo yao manne. Ukihesabu vitu vinne vilivyotokea kwa kubahatisha, wastani wa kweli ulio nyuma yake unaweza kuwa popote kuanzia 1.1 hadi 10.2 hivi. Gawanya dola 36 kwa ncha hizo mbili: gharama yao halisi kwa mauzo inaweza kuwa dola 3.5, inaweza kuwa dola 33. Skrini imeandika 9.00, na sifuri zile mbili baada ya nukta ndizo zinazodanganya. Mauzo yakifika 30 kwenye mstari mmoja, kiwango hicho kinabana kuwa kati ya 20 na 43. Yakifika 100, kati ya 81 na 122. Hapo ndipo mstari mmoja unaweza kuanza kushindanishwa na mwingine, na kwa bajeti yetu wanaume 45–54 peke yao, hata wakinunua kwa dola 15, wangehitaji karibu miezi mitano ili kufika thelathini.

Sasa, kwa nini ile wiki ya kwanza ya mauzo 22 haikuwa dola 10 kwa begi bali karibu 14? Kwa sababu ukichagua mstari kwa kuwa umeng'aa, umechagua ubora wake pamoja na bahati yake. Ubora unabaki na bahati haihami nao kwenda wiki inayofuata. Tulimchukua mshindi wa mbio moja tukadhani ule ndio mwendo wake wa kila siku.

Kuna sababu ya pili iliyo ndani ya mashine yenyewe, na hii watu wengi wa matangazo wameisikia nusunusu. Mfumo wa Meta haugawi hela kwa kuangalia wastani wa kila kundi. Unajaribu kutafuta mnunuzi *anayefuata* aliye rahisi kuliko wote kwa sasa, popote alipo. Tuseme wanawake kumi wa kwanza wa 25–34 walipatikana kwa dola 7 kila mmoja: hawa ni wale waliokuwa tayari wanatafuta begi. Watano waliofuata walihitaji kuonyeshwa tangazo zaidi, wakagharimu dola 16 kila mmoja. Jumla ni dola 150 na wastani ni dola 10, kama ripoti inavyosema. Lakini mnunuzi wa kumi na sita hatapatikana kwa dola 10. Huenda atagharimu 20. Wakati huohuo, kwenye kundi jingine lenye wastani wa dola 15, kuna mtu anayeweza kupatikana kwa 15 leo. Mfumo unampeleka hela huyo, nawe ukitazama ripoti unaona umepeleka hela kwa kundi "ghali" na kuliacha la "bei nafuu". Meta wenyewe wameliandikia jambo hili maelezo na kuliita `breakdown effect`. Wastani unakuambia hela iliyokwisha kutumika ilifanya nini, ilhali uamuzi wa kubana walengwa unahusu hela ambayo bado haijatumika.

Nilipowafukuza wengine wote, niliuambia mfumo uendelee kuchota kwenye kisima kimoja kwa kasi ileile. Na kisima kilionyesha. Kabla ya kubana, kila aliyefikiwa alikuwa anaona tangazo mara 1.4 kwa wiki, na maonyesho elfu moja yalitugharimu dola 6. Wiki ya tatu baada ya kubana, marudio yalikuwa 2.2 na maonyesho elfu moja yalikuwa yamefika dola 8.5.

Na hapa lazima nijikamate mwenyewe, kwa sababu nilikuwa karibu kuandika kwamba kubana ndiko kulikoshusha mauzo hadi 14. Je, najua hivyo? Kwa wiki tulikuwa tunatarajia 20. Kupata 14 au pungufu kwa bahati mbaya tupu hutokea takriban mara moja kati ya kumi. Kwa wiki zote tatu tulipata 53 tulipotarajia 60, na hilo hutokea mara moja kati ya tano. Ushahidi wangu dhidi ya kubana ulikuwa mwembamba sawasawa na ushahidi wake wa kubana. Kilichonishawishi ni marudio na bei ya maonyesho, kwa sababu zile zinahesabiwa kwenye makumi ya maelfu ya maonyesho na haziyumbishwi na watu wawili walioghairi kununua Jumanne.

Nilipompigia simu kumweleza, alisikiliza lile jedwali la kubahatisha kwa uvumilivu, kisha akauliza swali zuri kuliko yote yangu: "Sasa kaka, tutajuaje?"

Tulijaribu. Jaribio la kugawa hadhira lipo ndani ya Ads Manager, linaitwa `A/B test`, na linahakikisha mtu mmoja haingii pande zote mbili. Upande mmoja tuliweka walengwa wapana, wote kuanzia miaka 18, na upande wa pili wanawake 25–34 tu. Picha zilezile, siku zilezile, dola 600 kila upande. Kiasi hicho hatukukiokota. Kama dai la dola 10 ni la kweli, upande mwembamba utaleta mauzo kama 60 na mpana kama 40, na pengo la ishirini ni kubwa kiasi cha kuonekana juu ya kelele, ingawa kwa kubanwabanwa. Kwa dola 200 kila upande tungekuwa tunalinganisha 20 na 13, na hapo hata tungeona tofauti tusingejua tuifanye nini.

Pia nilimwomba jambo moja gumu: asifungue ripoti ya umri na jinsia hadi jaribio liishe. Sababu moja ni ile ya kuchora duara. Nyingine ni kwamba ukibadilisha walengwa katikati, seti ya matangazo inarudi kwenye awamu ya kujifunza, ile ambayo kwa miaka mingi Meta imeieleza kuwa inahitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku saba ili itulie. Sisi tulikuwa na 20 kwa wiki, hatukuwa tumeimaliza hata mara moja. Kila kubana kungeiongezea safari.

Matokeo yalikuwa 41 kwa upande mpana, 36 kwa mwembamba. Tofauti ya tano haisemi kwamba upana umeshinda, na nilimwambia hivyo. Lakini dai lilikuwa 60, na kupata 36 pale ambapo 60 ndiyo kweli ni jambo ambalo halitokei hata mara moja katika elfu. Yule mnunuzi wa dola 10 hakuwepo. Kwa kuwa hatukuwa na sababu ya kuwafungia wengine mlango, tukauacha wazi.

Niseme kidogo kuhusu majina ya mistari yenyewe, maana hata mauzo yakiwa mengi, mstari si mtu. Facebook inategemea zaidi umri na jinsia ambavyo mtu alijaza mwenyewe, na wapo waliojaza mwaka wa kuzaliwa ili tu wapite. Google inakisia kwa kiasi kikubwa kutokana na tabia, na ndiyo maana kwenye ripoti zake kuna kundi kubwa la `Unknown`, ambalo watu hulifuta kwa kudhani ni takataka, kumbe wamefuta wanunuzi wa kawaida ambao mfumo haukuweza kuwakisia. Aidha, tangu Apple ilipotoa iOS 14.5 mwezi wa Aprili 2021 na kuwapa watumiaji uwezo wa kukataa kufuatiliwa, sehemu ya mauzo yanayoonekana kwenye ripoti ni makadirio. Unapogawa makadirio kwa mistari kumi na miwili, unagawa makadirio.

Na yule mmoja, mwanamume wa 45–54 wa dola 42? Tulifungua oda yake. Alikuwa amenunua mabegi sita kwa mkupuo, ya ofisi. Ripoti ilihesabu mauzo 1, kwa kuwa tulikuwa tunahesabu oda. Sikulitumia hilo kumshinda mteja, kwa sababu nayo ni oda moja, na kesho angeweza kuniambia tuwalenge wanaume wa ofisi peke yao.

Yapo mazingira ambamo ninabana bila kusita: bidhaa ambayo sheria inakataza kuuzwa kwa watoto, au vazi la wajawazito ambalo mteja ameliuza dukani miaka mingi na anajua nani huja. Huko ujuzi unatoka nje ya ripoti. Ninapotaka kusoma ripoti yenyewe, naunganisha mistari kabla sijaitazama: chini ya 35 dhidi ya 35 na zaidi, pande mbili tu, kwa swali nililoliandika mapema. Mauzo arobaini yanaweza kubeba swali moja la pande mbili, na hata hilo kwa shida. Wakati mwingine nachungulia tukio lililo karibu na mauzo lakini jingi zaidi, kama kuweka begi kwenye kikapu, maana linatokea mara kadhaa kwa kila mauzo. Nisichofanya ni kushuka hadi kwenye kubofya. Mibofyo ni mingi na hivyo namba zake zimetulia, ila zimetulia kwa kujibu swali la nani ana udadisi.

Miezi kadhaa baadaye, wanaume 45–54 walikuwa wamelimbikiza dola 168 na mauzo 11, dola 15 na senti kadhaa kila moja. Wanawake 25–34 walikuwa kwenye 13 na kidogo, juu ya mauzo zaidi ya mia. Huenda kweli ni bora kidogo.

Juzi alinipigia tena. "Kaka, umeona hawa wa 65+? Wananunua kwa dola 9!"

Nikamuuliza wangapi.

Kimya kidogo, kisha akacheka. "Wawili."

Tukaendelea kupanga picha za mwezi unaofuata.